Jina la Tatu si Jina la Ukoo: Kuifuata Nasaba Kule Osiri

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hawakutuambia, hata hivyo, afanye nini yule ambaye hakuiacha asili yake hata siku moja, bali aliandikiwa asili nyingine na karani aliyekuwa na haraka. Makala haya yanamhusu mtu huyo. Nimemwona kwa macho yangu. Ni ndugu yangu wa ukoo, mkazi wa Osiri katika Nyatike, Migori, ambaye alikwenda katika ofisi moja ya umma akiwa na kitambulisho chake, hati ya ubatizo ya baba yake na namba ya shamba la babu yake. Ofisa alizipanga karatasi hizo tatu mezani, akazitazama, kisha akamuuliza: "Hawa watu watatu wanahusianaje?" Hapakuwa na jina hata moja lililofanana katika karatasi zote tatu. Ndugu yangu alirudi nyumbani akiwa mgeni katika shamba alilozaliwa.

Osiri ni mahali ambapo swali la shamba ni la nani halina mzaha. Ardhi hiyo ina dhahabu, si mbali na migodi ya zamani ya Macalder ambayo wenyeji huiita Makalda, na mwenye shamba hudai fungu lake la mawe yanayochimbwa humo. Kwa hiyo mtu akishindwa kuthibitisha kwamba yeye ni mjukuu wa fulani, hasara yake si ya hisia peke yake.

Nionavyo mimi, chanzo cha tatizo hilo ni kosa moja la kimsingi ambalo hata sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalishiriki bila kujua. Katika fomu zetu tumezoea kuliita jina la mwisho la mtu "jina la ukoo". Kwa Wajaluo wa Migori na Homa Bay jina hilo si la ukoo. Ni jina la baba, au la babu, au hata jina la ubatizo la baba. Ni kiungo kimoja tu cha mnyororo, nacho hubadilika kila kizazi. Anayelishika jina hilo akidhani ni kamba itakayomfikisha kwa mababu, ataanguka baada ya hatua mbili.

Jinsi jina linavyojengwa

Mtoto wa Kijaluo hupewa jina lake mwenyewe kutokana na hali ya kuzaliwa kwake. Aliyezaliwa usiku ni Otieno, alfajiri ni Omondi, asubuhi jua likianza kupanda ni Onyango, jua likiwa kali ni Ochieng', jioni ni Odhiambo, na wakati wa mvua ni Okoth. Pacha wa kwanza ni Opiyo na wa pili ni Odongo, na anayewafuata ni Okello. Kwa wasichana herufi ya kwanza kwa kawaida huwa A: Atieno, Akoth, Apiyo. Juu ya jina hilo mtoto huweza kupewa jina la jamaa aliyefariki, na tangu kuja kwa wamisheni huongezewa jina la ubatizo. Waadventista walifungua kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na tangu hapo akina Zakayo na Elisha wakaanza kuzaliwa kando ya ziwa.

Majina hayo hurudiwa mno. Mvua hunyesha kila mwaka, na katika boma moja wanaweza kuwamo akina Okoth watatu. Ili kuwatofautisha, watu humtaja mtu kwa baba yake: Okoth wuod Odhiambo, yaani Okoth mwana wa Odhiambo. Wasomaji wa pwani wataona mara moja kwamba huu ndio utaratibu wao wa Ali bin Said bin Hamad. Mwana wa Ali haitwi bin Said, huitwa bin Ali. Vivyo hivyo, mwana wa Okoth haitwi Odhiambo, huitwa Okoth. Kila kizazi kinasogea hatua moja, na jina la mwisho linaachwa nyuma. Ukoo wenyewe haumo katika jina la mtu. Umo katika jina la mahali na la kundi la watu: Kadem, Karungu, Kanyamkago, Karachuonyo. Silabi ile ya mwanzo, Ka, humaanisha kwa fulani, nyumbani kwa fulani.

Utaratibu huu ulikutana na serikali ya kikoloni, ambayo ilitaka kila mtu awe na jina lisilobadilika ili apate kutozwa kodi na kutafutwa akitoroka kazini. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alipewa kipande chenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Karani aliandika alichosikia. Mara nyingi hakuwa mtu wa lugha ile, na mwandikwaji hakujua kusoma ili amsahihishe.

Mfano unaojulikana na wengi

Hebu tutazame ukoo mmoja wa Homa Bay ambao habari zake zimeandikwa sana, nao ni ukoo wa Obama wa Kanyadhiang', karibu na Kendu Bay. Rais wa 44 wa Marekani, Barack Obama, aliiandika nasaba hiyo katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 1995, kama alivyosimuliwa na bibi yake. Sehemu yake ya chini ni hii: Ogelo alimzaa Otondi, Otondi akamzaa Obong'o, Obong'o akamzaa Okoth, Okoth akamzaa Opiyo, Opiyo akamzaa Obama, Obama akamzaa Onyango, na Onyango akamzaa Barack, baba yake Rais. Tazama, msomaji, kwamba hakuna jina linalojirudia katika mnyororo huo. Obama si jina la ukoo huo wote. Ni mtu mmoja, mwana wa Opiyo, aliyekuwa na boma lake pale Kanyadhiang'.

Sasa tumfuate Onyango. Alisilimu akaitwa Hussein, na alifanya kazi ya upishi katika nyumba za Wazungu. Kitabu chake kidogo cha mtumishi wa nyumbani kimetajwa katika kumbukumbu hizo. Ndani yake jina lake ni Hussein II Onyango, na makazi yake ya kawaida ni Kisumu. Mtafiti asiyejua utaratibu atakwama hapo papo kwa sababu mbili. Kwanza, jina Obama halimo kabisa. Pili, Kisumu hakikuwa kijiji chake. Alikuwa mtu wa Kendu Bay, na Kendu Bay ilikuwa chini ya wilaya ya Kavirondo ya Kusini, ambayo makao yake makuu yalikuwa Kisii. Karani aliyetaka mahali anapopajua yeye aliandika mji mkubwa. Anayekwenda kutafuta majalada ya Kisumu kwa ushahidi wa kitabu hicho anatafuta kuku katika zizi la ng'ombe.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Onyango alikuwa na watoto kadhaa. Mwanawe Barack, aliyekwenda Hawaii kusoma mwaka 1959, alitumia jina la babu yake: Barack Hussein Obama. Binti yake Zeituni, aliyefariki Boston mwaka 2014, alitumia jina la baba yake: Zeituni Onyango. Hawa ni ndugu wa baba mmoja, na kila mmoja alivuka bahari na jina lake la mwisho. Ofisa wa Marekani aliyepanga karatasi kwa jina la mwisho angewaweka katika makabati mawili tofauti. Wala hakuna aliyekosea. Wote wawili walitaja mababu zao wa kweli, ila mmoja aliruka kiungo kimoja.

Mfano huo unatufundisha pia mahali ukoo unapojificha. Onyango alipohama Kanyadhiang' kwenda kaskazini mwa ghuba, alihamia Nyang'oma Kogelo katika Alego. Kogelo ni Ka na Ogelo, yaani kwa Ogelo. Ogelo ndiye babu yake Obong'o katika mnyororo ule. Jina la mahali limemhifadhi mzee ambaye majina ya wajukuu yalikwisha kumwacha zamani. Hivyo mtafiti aliyekwama kwa jina la mtu aulize jina la mahali watu wake walikotoka.

Sikio la karani

Makosa ya kusikia nayo yana utaratibu wake. Hayatokei ovyo ovyo, na kwa sababu hiyo yanaweza kufuatwa kinyumenyume. Mwanafunzi wa isimu ana nafasi nzuri hapa kuliko wakili.

Dholuo ina sauti za meno, th na dh, zinazotofautishwa na t na d. Karani asiyezizoea aliandika Okot badala ya Okoth, na Odiambo badala ya Odhiambo. Dholuo ina mfuatano wa uo, ambao sikio geni huusikia kama wo au ou. Ndiyo maana Owuor mmoja anaweza kuwa Owour katika karatasi moja na Owor katika nyingine, na Oduor akawa Odwor. King'ong'o cha mwisho cha Ochieng' na Ojwang' huandikwa kwa alama ya ritifaa, na alama hiyo ndiyo ya kwanza kupotea katika mashine ya kupiga chapa na baadaye katika kompyuta. Kwa upande mwingine, Dholuo haina z wala sh. Mzee aliyeulizwa jina la mwanawe Zakayo alitamka Sakayo, na Elisha akawa Elisa, na karani mwaminifu akaandika hivyo hivyo.

Kuna mtego mmoja zaidi, nao ni neno wuod lenyewe. Likitamkwa haraka mbele ya jina linaloanza na irabu, husikika kama w' tu: Okoth w'Odhiambo. Karani asiyeijua lugha hudhani W ni herufi ya kwanza ya jina, naye huandika Okoth Wodhiambo. Ukikuta jina la Kijaluo linaloanza kwa Wo pasipotarajiwa, ondoa W hiyo kwanza kabla ya kudhani umepata ukoo mpya.

Kanuni yangu ni hii. Tofauti ikiwa ndani ya jozi hizi za sauti, iruhusu, kisha tafuta ushahidi mwingine. Tofauti ikiwa nje yake, simama. Okot na Okoth huenda wakawa mtu mmoja, lakini Okoth na Okelo si suala la sikio. O na A za mwanzo zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa maana herufi moja humgeuza mjomba akawa shangazi. Hata hapo usiapize kwamba kila A ni mwanamke. Marehemu mwanahistoria E. S. Atieno Odhiambo alikuwa mwanamume, na anayetaka kumwandika Otieno kwa nia njema ya kusahihisha atakuwa amempoteza.

Shamba la Okot Odiambo

Ili hatua zenyewe zionekane, tuchukue ukoo wa mfano pale Osiri. Majina nimeyabuni, lakini matatizo yake ni ya kila siku. Shamba limeandikwa, tangu upimaji wa ardhi wa miaka ya 1970, kwa jina la Okot Odiambo. Karatasi ya kazi ya mgodini ya zamani ina jina Okoth Wodhiambo. Hati ya ubatizo inamtaja Sakayo Ochieng, baba yake Okoth. Wajukuu ni wawili: kijana ana kitambulisho cha Daniel Omondi Zakayo, na dada yake ni Rose Akinyi Ochieng. Wanadai shamba la babu yao.

Hatua ya kwanza ni kuziacha karatasi kando na kumsikiliza mzee. Asiulizwe "jina la ukoo wenu ni lipi?" kwani atataja Kadem au Karungu, na hilo halimo katika karatasi yoyote. Aulizwe: "Omondi ni mwana wa nani? Na huyo ni mwana wa nani?" Mzee atajibu: Omondi wuod Ochieng', wuod Okoth, wuod Odhiambo. Kila jina liandikwe kama linavyotamkwa, likifuatwa na jina la mama wa mtu huyo na kwao mama. Wanawake walioolewa huitwa kwa kwao: nyar Kanyamkago, nyar Karungu, yaani binti wa huko. Watu husahau jina la ubatizo la bibi yao, lakini ni nadra wasahau alikotoka.

Hatua ya pili ni kuivunja kila karatasi katika sehemu zake, yaani mtu mwenyewe, baba yake, mahali na mwaka. Hapo Daniel Omondi Zakayo anasomeka kuwa Omondi, mwana wa Zakayo. Rose Akinyi Ochieng ni Akinyi, binti wa Ochieng'. Hati ya ubatizo inatuambia Zakayo na Ochieng' ni mtu mmoja, mwana wa Okoth. Ndugu hawa wawili wamegawana majina ya baba yao, mmoja akachukua la kanisani na mwingine la nyumbani. Kwa kuwa jina la kijana halikugusa hata kidogo jina lililo katika daftari la ardhi, ni wazi kwa nini ofisa alimkataa, na ni wazi pia kwamba alimkataa kwa sababu isiyo sababu.

Hatua ya tatu ni sauti. Okot Odiambo na Okoth Wodhiambo wanatofautiana kwa th, kwa dh na kwa W ya wuod. Tofauti zote zimo ndani ya jozi zetu. Basi yawezekana ni mtu mmoja. Nasema yawezekana, sisemi ndiye.

Hatua ya nne ndiyo wengi huiruka, na ndipo kesi huharibika. Mzee anatukumbusha kwamba Odhiambo alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alizaa mwana wakati wa mvua. Palikuwa na Okoth Maduong', yaani mkubwa, na Okoth Matin, yaani mdogo. Wote wawili ni Okoth wuod Odhiambo. Hakuna tahajia itakayowatenganisha, hata karani angekuwa malaika. Kinachowatenganisha ni mama. Mkubwa ni wa nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, nyar Kanyamkago. Mdogo ni wa nyumba ya nyachira, mke wa pili, nyar Karungu. Sasa tutazame ramani ya mashamba. Kwa desturi mashamba ya mama hurithiwa na wanawe yeye, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja huwa majirani. Shamba la Okot Odiambo likiwa limepakana na mashamba ya wana wengine wa nyar Kanyamkago, mizani inamwelekea Okoth Maduong'. Kaburi lake nalo liko katika boma lake, na wazee wanajua boma hilo liko wapi. Mzee akisema hivyo, ramani ikisema hivyo na kaburi likisema hivyo, hapo mtafiti anaweza kuandika kwamba ndiye. Mashahidi wakikinzana, aandike kwamba wamekinzana.

Kwamba jambo hili la nyumba si la kupuuza, sheria yenyewe inaonyesha. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inaeleza katika kifungu cha 40 kwamba mtu mwenye wake wengi akifa bila wasia, mali yake hugawanywa kati ya nyumba kwa idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huhesabiwa pamoja nao. Tuseme ameacha ekari 16. Nyumba ya kwanza ina mjane na watoto 4, jumla 5. Ya pili ina mjane na watoto 2, jumla 3. Nyumba ya kwanza itapata ekari 10 na ya pili ekari 6. Sasa mtoto mmoja wa nyumba ya pili aandikwe kwa makosa katika nyumba ya kwanza. Hesabu inakuwa 6 kwa 2, yaani ekari 12 kwa 4. Ekari mbili zimehama kwa sababu jina la mama halikuandikwa vizuri.

Mipaka ya mnyororo

Singependa msomaji adhani mnyororo wa mdomo hauna kasoro. Unazo, na anayeutumia lazima azijue. Anayekariri nasaba hutaja njia inayomfikisha kwake yeye. Wajomba waliokufa bila wana wa kiume huachwa, na mabinti huachwa karibu wote. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo mababu wadogo wanavyodondoka na kubaki wale wakuu ambao koo zimeitwa kwa majina yao. Profesa Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini, alizitumia nasaba kama hizi kukadiria miaka ya kuhama kwao. Jambo linalofaa kwa historia ya koo nzima si lazima lifae kwa kesi ya shamba moja. Vizazi vinne au vitano vya chini, ambavyo wazee waliwaona watu wake au waliwaona waliowaona, ndivyo ninavyovitegemea. Vya juu ya hapo navisoma kama historia ya kundi.

Kasoro nyingine ni ya aina tofauti. Katika desturi ya tero, mjane huchukuliwa na ndugu wa marehemu, na watoto wanaozaliwa baadaye huhesabiwa kuwa wa yule aliyefariki na huitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mnyororo wa majina ni mnyororo wa ubaba unaotambuliwa na jamii. Mtu aliyezaliwa miaka mitatu baada ya baba yake kuzikwa si lazima awe ametokana na kosa la karani. Mtafiti asiyejua desturi hiyo ataifuta tarehe iliyo sahihi kabisa.

Tufanye nini?

Wapo wanaosema dawa ni moja: kila familia ichague jina moja na kulishika daima, kama Wazungu. Siwapingi kwa habari ya wajao. Familia nyingi zimekwisha kufanya hivyo, na watoto wa leo watakuwa na jina moja vizazi kadhaa. Ninachopinga ni kulirudisha jina hilo nyuma. Nimeona watu wakiapa mbele ya wakili kwamba babu aliyejulikana kama Okoth Odhiambo aliitwa pia Zakayo, ili tu jina la mjukuu lipate pa kuegemea. Hati hiyo ya kiapo inapita leo. Kesho, mjukuu wa Okoth Matin ataitumia kuthibitisha kwamba Okoth mwenye shamba si yule, maana yule hakubatizwa kamwe. Uongo mdogo uliotumika kama gundi hugeuka ufa.

Napinga pia kusahihisha tahajia za zamani. Okot Odiambo abaki Okot Odiambo katika nakala, na kando yake yaandikwe maelezo kwamba hutamkwa Okoth Odhiambo, kwa ushahidi wa fulani, tarehe fulani. Kosa la karani ni ushahidi pia. Linatuambia ni nani alikuwa akiandika na kwa sikio gani, na karatasi mbili zenye kosa lile lile huenda zilitoka kwa mkono mmoja.

Kwa upande wetu, sisi wa vyama vya Kiswahili, iko kazi iliyo karibu nasi. Istilahi "jina la ukoo" katika fomu inawalazimisha watu wa Nyatike kujibu swali ambalo halina jibu katika utaratibu wao. Badala yake fomu ziulize mambo manne: jina lako mwenyewe, jina la baba yako, jina la mama yako na kwao, na mahali mababu walikotoka. Kiswahili kina maneno yote hayo. Kilikuwa na bin na binti kabla ya kipande kuletwa.

Ndugu yangu wa Osiri bado anazunguka na karatasi zake tatu. Safari hii, hata hivyo, ameongeza ya nne, karatasi ya daftari la shule iliyochanwa katikati. Ameandika kwa mkono wake mnyororo wa watu watano, na mbele ya kila mmoja jina la mama na kwao mama. Bibi yake mzee, ambaye hajui kusoma, ndiye aliyemtajia wote watano, huku akipura mtama.